Shajara ya daftari la makosa: kitenzi kinapoifuata nomino jirani

Masasi, mwishoni mwa Aprili

Darasa la jioni la watahiniwa wa kujitegemea limefikia hatua ambayo kila mmoja ameandika insha nne za mazoezi za Kiswahili, zenye maneno kama 300 kila moja. Wote wanafanya kazi mchana: yupo karani wa chama cha msingi cha ushirika, yupo fundi cherehani, yupo kijana wa bodaboda, na wengine wanauza sokoni. Watafanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, lakini kwa karani na kwa wale wenye mashamba muda halisi unaisha mapema zaidi, kwa sababu msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba hakuna atakayepata jioni ya kukaa darasani. Kazi ya kusahihisha sarufi yao inapaswa kuwa imekamilika kabla ya minada kuanza.

Mpaka sasa insha zilikuwa zinarudishwa zikiwa na wino mwekundu, mwanafunzi anaangalia alama, kisha karatasi inakwenda chini ya kabati. Insha inayofuata inabeba makosa yaleyale, na hakuna anayejua kwamba ni yaleyale, kwa sababu hakuna mahali yanapokaa pamoja. Mradi huu unalenga kuyaweka pamoja. Kila mtahiniwa amenunua kaunta buku moja, na kila kosa la sarufi katika insha zake linahamishiwa humo kwa mkono wake mwenyewe. Makosa ya tahajia, kama vile kuchanganya «r» na «l» au kuacha «h», yanaandikwa nyuma ya daftari, kwa kuwa sababu zake ni nyingine na dawa yake ni nyingine. Kijana wa bodaboda amejaza kurasa hizo za nyuma kuliko za mbele, kwa hiyo nimempangia mazoezi ya imla na shajara hii haitamzungumzia zaidi.

Jambo moja nimelisisitiza tangu mwanzo, nalo ni kwamba sentensi iliyokosewa inanakiliwa nzima. Mtu akiandika tu kwamba alikosea «yameshuka» badala ya «imeshuka», baada ya majuma mawili hataweza kujua kilichomkosesha, kwa sababu chanzo cha kosa mara nyingi kiko maneno matano au sita kabla ya kosa lenyewe.

Mwanzoni mwa Mei

Madaftari yamejaa vya kutosha kuanza kusomwa. Safu zilizochorwa ni nne: nambari ya insha, sentensi nzima, umbo sahihi, na aina ya kosa. Safu ya nne ndiyo iliyonishughulisha juma zima. Karibu kila ukurasa umeandikwa neno «upatanisho», na neno hilo likirudiwa namna hiyo halisemi chochote. Ni kweli kwamba makosa yote hayo ni ya upatanisho wa kisarufi, lakini mwalimu akisoma hivyo atarudi kufundisha ngeli zote kuanzia A-WA hadi PA-KU-MU, na mwanafunzi atazikariri tena kama alivyozikariri kidato cha kwanza.

Nimechukua daftari la karani ili nilichambue hadi mwisho, kwa sababu yeye ndiye anayeandika sentensi ndefu kuliko wenzake na ndiye aliyenakili kwa uangalifu zaidi. Insha zake nne zina makosa 21 ya upatanisho. Hizi ni sentensi tatu kati ya hizo, kama alivyoziandika:

Insha ya 1: «Bei ya mazao yameshuka msimu huu.»
Insha ya 2: «Ukosefu wa pembejeo zimewafanya wakulima wakate tamaa.»
Insha ya 4: «Upatikanaji wa maji safi katika vijiji vya wilaya yetu vimekuwa tatizo.»

Ukizitazama moja moja ni makosa matatu yenye viambishi vitatu tofauti. Ya kwanza ilihitaji «imeshuka», ya pili «umewafanya», ya tatu «umekuwa». Ukiziweka pamoja, hata hivyo, zinafanana mahali pengine kabisa: katika kila moja, kitenzi kimeiacha nomino inayokitawala na kuchukua kiambishi cha nomino iliyo karibu nacho. Mazao yamekivuta kitenzi kutoka kwa bei. Pembejeo zimekivuta kutoka kwa ukosefu. Na katika sentensi ya tatu, maji yamerukwa, wilaya imerukwa, vijiji ndivyo vilivyoshinda, ingawa vijiji viko ndani kabisa ya kirai na havihusiki na kitenzi hata kidogo.

Nimemwomba karani aongeze safu mbili. Katika moja anaandika nomino kuu, yaani ile inayotawala kitenzi. Katika nyingine anaandika nomino jirani, yaani ile ambayo kitenzi kimeifuata. Safu hizi mbili zinajazwa hata pale ambapo hana hakika, na asipoweza kuitambua nomino kuu anaweka alama ya kuuliza.

Katikati ya Mei

Baada ya safu mpya kujazwa, makosa 21 yamegawanyika hivi. Makosa 15 yako katika sentensi ambazo kati ya nomino kuu na kitenzi kuna kirai cha «-a» unganifu, kama «bei ya mazao» au «ukosefu wa pembejeo». Makosa 4 yanahusu «amba-». Makosa 2 tu yako katika sentensi ambazo nomino na kitenzi vimekaa bega kwa bega.

Hesabu ya makosa peke yake haitoshi, kwani inawezekana makosa 15 ni mengi kwa sababu tu sentensi za namna hiyo ni nyingi. Kwa hiyo tumerudi kwenye insha zenyewe na kuhesabu nafasi zote, zilizokosewa na zilizopatiwa. Sentensi ambazo nomino iko sambamba na kitenzi, kama «wakulima walivuna» au «mvua imechelewa», zilikuwa 61, na amekosea mbili. Sentensi zenye kirai cha «-a» unganifu kati ya nomino na kitenzi zilikuwa 34.

Hapa pana jambo ambalo msomaji atakayejaribu kazi hii anapaswa kuliangalia kabla hajagawanya hesabu zake. Si zote 34 zinazoweza kutumika kama ushahidi. Chukua sentensi «Bei ya mbolea imepanda». Bei inataka «i-», na mbolea nayo inataka «i-». Mwandishi aliyeifuata nomino kuu ataandika «imepanda», na aliyevutwa na jirani ataandika «imepanda» vilevile. Sentensi imepata, lakini haituambii aliyeiandika alikuwa akiangalia wapi. Sentensi za aina hiyo, ambamo nomino zote mbili zinadai kiambishi kimoja, zilikuwa 9, na tumeziondoa. Tukabaki na 25, na kati ya hizo amekosea 15. Yaani pale ambapo jirani ana uwezo wa kumvuta, karani anavutwa zaidi ya nusu ya mara zote, na pale ambapo hakuna jirani, hakosei karibu kabisa.

Ningependa kuongeza kwamba «bei ya korosho» hatukuiondoa, ingawa kwa haraka inaonekana kufanana na «bei ya mbolea». Watu wa huku wanapotamka korosho huwa wanafikiria magunia, si punje moja, na kwa sababu hiyo «bei ya korosho zimepanda» ni kosa linalotokea kweli, na limetokea mara mbili katika daftari hili. Umbo la «ya» katika «bei ya» linaonyesha kwamba bei ni moja, kwa hiyo kitenzi ni «imepanda».

Kati ya makosa hayo 15, kumi na matatu yamechukua kiambishi cha jirani. Mawili yaliyobaki yametumia «i-» isiyokuwa ya nomino kuu wala ya jirani, kama katika «Maandalizi ya kilimo imeanza», na hayo tumeyaweka pembeni kwa sasa.

Mwishoni mwa Mei

Kujua mahali kosa linapotokea hakujibu swali la kwa nini linatokea. Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder alitofautisha kosa linalotokana na mtu kutoijua kanuni na lile linalotokana na kuteleza tu wakati kanuni anaijua. Kwa mwalimu tofauti hiyo ina faida kubwa, kwa sababu asiyejua anafundishwa, na anayejua lakini akateleza anahitaji njia ya kujikagua. Kinachotakiwa ni kipimo cha kuwatenganisha.

Kipimo tulichotumia ni hiki. Sentensi 15 za karani niliziandika upya kwenye karatasi safi, nikazichanganya na nyingine zilizo sahihi kutoka insha zake mwenyewe, bila alama yoyote ya kuonyesha ipi ina kosa. Niliacha juma lipite ili asiwe anakumbuka wino mwekundu ulikuwa wapi. Kisha nikampa na kumwambia arekebishe anachoona hakikai sawa.

Amerekebisha 12 bila kuuliza neno. Alipofika kwenye ile ya vijiji alitabasamu, akakata «vimekuwa», akaandika «umekuwa». Nilipomuuliza kwa nini aliandika vile mara ya kwanza, jibu lake lilikuwa la moja kwa moja: «Mwalimu, ngeli mimi nazijua, ila nikifika mwisho wa sentensi nakuwa nimeshasahau nilianza na nini.»

Kauli hiyo ndiyo iliyobadilisha mwelekeo wa mradi kwake. Karani hahitaji kufundishwa ngeli. Akili yake inapokuwa inatafuta wazo linalofuata, nomino iliyo karibu zaidi na kalamu ndiyo inayobaki masikioni, na kitenzi kinaifuata hiyo. Safu ya mwisho imeongezwa katika daftari, inaitwa «alijisahihisha», na inajazwa ndiyo au hapana baada ya kipimo cha karatasi safi, wala si kabla.

Sentensi 3 ambazo hakuzigusa nimezinakili pia, kwa kuwa zinafanana: «Idadi ya wanafunzi wameongezeka», «Wingi wa wanunuzi wamesaidia», na «Kiwango cha vijana wanaojiajiri wamepungua». Katika zote tatu, jirani ni watu.

Mwanzoni mwa Juni

Mwalimu mwenzangu alipoona daftari alisema makosa haya yanatokana na Kimakonde, kwani karani ni mwenyeji wa Newala na nyumbani kwao kinazungumzwa Kimakonde. Hoja hii inasikika mara nyingi huku kwetu, na inastahili kujibiwa kwa ushahidi. Kwanza, Kimakonde, Kiyao, Kimakua na Kimwera zote ni lugha za Kibantu, zina ngeli zake na upatanisho wake, na mtu aliyekua nazo amezoea tangu utotoni kwamba kitenzi kinabeba alama ya nomino. Pili, darasani yupo mama aliyezaliwa Mikindani na kulelewa kwa Kiswahili, na daftari lake lina kosa hilohilo: «Matumizi ya simu imeleta mabadiliko», «Ongezeko la magari yamesababisha ajali». Lugha ya kwanza inaweza kueleza baadhi ya kurasa za nyuma zenye makosa ya tahajia. Kwa kosa hili la jirani, sioni kwamba inaeleza chochote.

Daftari la dada fundi cherehani limetoa picha tofauti kabisa, na ninaliandika hapa kwa sababu linaonyesha vizuri kwa nini neno «upatanisho» lisingetosha. Katika insha zake nne ametumia «amba-» mara 18, na mara 11 amekosea, na katika mara zote 11 ameandika «ambayo». Ameandika «vitambaa ambayo vinauzwa sokoni», «mtu ambayo anashona», «jambo ambayo linanisumbua». Angalia vitenzi vyake: vinauzwa, anashona, linanisumbua, vyote ni sahihi. Ngeli anazijua na anazifuata kwenye kitenzi. Kwake «ambayo» limekuwa neno moja lisilobadilika, linalowekwa popote sentensi inapounganishwa. Alipopewa karatasi safi alirekebisha moja tu kati ya 11, na hata hiyo aliirekebisha kwa kuondoa «ambayo» na kuandika «anayeshona».

Kwa hiyo yeye anahitaji kufundishwa, na somo lenyewe ni fupi. Nimemwonyesha kwamba «amba-» ni mzizi, na mkia wake unatokana na kiambishi kilekile anachokitumia kwenye kitenzi, kikiungana na «-o»: vi na o ni vyo, zi na o ni zo, li na o ni lo, ki na o ni cho, na mtu mmoja anachukua «-ye». Sasa anaandika kitenzi kwanza kwenye karatasi ya pembeni, «vinauzwa», anatazama «vi-», kisha anarudi kuandika «ambavyo». Njia hiyo inakwenda kinyume na mpangilio wa sentensi, lakini inamtoa kwenye kile anachokijua hadi kwenye kile asichokijua, na insha yake ya tano imekuwa na «ambayo» isiyo mahali pake mara moja tu.

Mwishoni mwa Juni

Kwa karani tumechagua njia ya kidole. Baada ya kumaliza insha, anarudi mwanzo na kutafuta kila kitenzi. Akikuta kirai cha «-a» unganifu mbele ya kitenzi, anaweka kidole kuanzia kwenye «ya», «wa», «la» au «cha» hadi neno la mwisho kabla ya kitenzi, kisha anasoma kwa sauti ya chini kilichobaki. «Upatikanaji … vimekuwa tatizo.» Sikio linakataa palepale. Hafikirii ngeli, wala hataji jina la ngeli, anasikiliza tu. Nimekataa kumpa jedwali la ngeli la kubandika kwenye jalada, kwa kuwa kwenye chumba cha mtihani halitakuwepo, lakini kidole kitakuwepo.

Tumekubaliana pia juu ya rangi za wino katika daftari na katika insha. Rasimu inaandikwa kwa bluu, marekebisho yake mwenyewe yanaandikwa kwa kijani, na yangu kwa nyekundu. Bila kijani, daftari lisingeweza kuonyesha tofauti kati ya sentensi aliyoipatia mara ya kwanza na ile aliyoikosea kisha akaikamata.

Insha ya tano imerudi, na nafasi ya kosa hili ndani yake haina wino mwekundu hata mmoja. Darasa lilimpongeza. Nilipohesabu nafasi, nilikuta sentensi mbili tu ambazo jirani angeweza kumvuta, wakati katika insha za mwanzo zilikuwa kama sita kwa kila moja. Sehemu kubwa ya insha imeandikwa hivi: «Bei ilipanda. Wakulima walifurahi. Serikali ilijenga barabara. Barabara ilisaidia.» Kila nomino imekaa ubavuni mwa kitenzi chake, na kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kukosea.

Jambo hili linajulikana kwa watafiti wa ujifunzaji wa lugha. Mwaka 1974 Jacquelyn Schachter alionyesha kwamba baadhi ya wanafunzi wa lugha ya kigeni walikuwa na makosa machache katika vishazi rejeshi si kwa kuwa walivimudu, bali kwa kuwa walikuwa hawavitumii mara nyingi. Daftari linaloandika makosa tu lingesema kwamba karani amepona. Ndiyo maana tangu leo kila insha inaandikwa hesabu mbili juu ya ukurasa wake: nafasi zilizokuwepo, na makosa yaliyotokea. Hesabu ya kwanza ikishuka, ya pili haisomwi.

Julai

Ili kumzuia asikwepe, nimeanza kutoa vichwa vya insha ambavyo haviwezi kuandikwa bila virai virefu. Kichwa cha insha ya sita kilikuwa «Athari za ukosefu wa maji kwa maendeleo ya kata yetu», na chini yake nikaandika nomino sita ambazo lazima kila moja ianze sentensi: ukosefu, upatikanaji, matumizi, ongezeko, kiwango na idadi. Hizi ndizo nomino zilizojaa katika safu ya nomino kuu ya daftari lake. Zote ni nomino za dhana, na nyingi zimetokana na vitenzi. Hazina sura machoni, wakati jirani zake, maji, vijiji, watu, zina sura. Nadhani hilo nalo linachangia jirani kushinda.

Matokeo ya insha ya sita: nafasi 9, makosa ya rasimu 4, kati ya hayo 3 yamekamatwa kwa kijani. Ni makosa mengi kuliko ya insha ya tano, na ni insha bora zaidi. Karani hakulipenda jambo hilo mwanzoni, mpaka tulipoweka kurasa mbili sambamba akaona mwenyewe kwamba insha ya tano ilikuwa inasema vitu ambavyo mtoto wa darasa la nne angeweza kusema.

Lile moja lililopita bila kukamatwa ni «Idadi ya wakazi wanaotegemea visima wameongezeka». Alikuwa ameweka kidole. Nilimwomba arudie mbele yangu, nikaona tatizo: aliweka kidole kwenye «ya wakazi» tu, akaacha «wanaotegemea visima» wazi, akasoma «Idadi … wanaotegemea visima wameongezeka», na sikio likaridhika kwa sababu vitenzi viwili vilikuwa vinakubaliana. Kidole lazima kifunike hadi mwisho wa kishazi rejeshi, mpaka kwenye kitenzi kikuu. Tumefanya zoezi la sentensi hizo peke yake kwa jioni nzima.

Agosti

Watu wanavuta kuliko vitu, na ukurasa wa karani unathibitisha. Katika insha ya saba nafasi zilikuwa 8, makosa ya rasimu 3, yaliyokamatwa 2, na lililobaki ni tena mahali ambapo jirani ni watu. Hapa imebidi tufanye uamuzi juu ya nini kiitwe kosa, kwa sababu si kila sentensi inayofanana na hizi inastahili kuingia daftarini.

«Idadi ya wanafunzi wameongezeka» tunaihesabu kuwa kosa bila kusita, kwani kilichoongezeka ni idadi. «Kundi la vijana walifika ofisini» tunaihesabu kuwa kosa pia katika insha ya mtihani, na tunaandika «lilifika», ingawa katika mazungumzo umbo hilo linasikika kila siku. Lakini «Kundi la vijana lilifika ofisini na wakaanza kudai malipo yao» nimekataa kuihesabu. Kitenzi cha pili kimehamia kwa vijana, nao ndio wanaodai malipo. Kulazimisha «likaanza kudai malipo yake» kungeleta sentensi iliyo sahihi na isiyo na maana aliyoikusudia mwandishi. Sentensi za namna hiyo zimepewa ukurasa wake wenye alama ya kuuliza.

Katika ukurasa huohuo wa alama ya kuuliza tumeweka nomino mbili za ngeli tofauti zilizounganishwa kwa «na», kama «Kitabu na kalamu …». Wapo wanaopatanisha na nomino ya mwisho, wapo wanaotumia «vi-», na wapo wanaoshauri sentensi iundwe upya. Mahali ambapo wanaoandika vizuri hawajakubaliana, daftari la makosa halina kazi ya kuhukumu. Watahiniwa nimewashauri kuunda upya.

Vilevile tumefuta mistari iliyoingizwa na macho ya haraka. «Bei ya mazao ambayo yanauzwa ghalani imeshuka» iliwekewa nyekundu na mwanafunzi mwenzake alipokuwa akimsaidia kukagua, naye akadai iwe «ambayo inauzwa». Sentensi haina kosa, kwa sababu kinachouzwa ni mazao, na kilichoshuka ni bei. Kila kitenzi kimemfuata mwenyewe. Kadhalika «Rafiki yangu amehamia Nachingwea» si kosa, hata kama «yangu» na «a-» zinaonekana kutoka ngeli mbili. Daftari likiingiziwa sentensi sahihi zilizodhaniwa kuwa na kosa, mwanafunzi anaanza kuogopa maumbo aliyokuwa akiyapatia.

Mwanzoni mwa Septemba

Insha ya nane ya karani imeandikwa kwa muda wa mtihani, bila kamusi, na dakika kumi za mwisho zimetengwa kwa kidole. Nafasi 10, makosa ya rasimu 2, yote mawili yamekamatwa kwa kijani, na moja kati yake lilikuwa «Idadi ya wanachama wamefikia». Yale ya «i-» isiyo na mwenyewe, ambayo tuliyaweka pembeni mwezi Mei, hayajarudi tena, kwa hiyo hatutayafungulia ukurasa.

Kwenye rasimu za bluu bado anavutwa, na sitarajii kwamba hilo litaisha kabla ya Novemba. Kinachobadilika ni kijani. Kwa hiyo nimeacha kumhimiza aandike bila kosa mara ya kwanza, na badala yake tunapima muda: kukagua ukurasa mmoja kwa kidole kulikuwa kukimchukua dakika saba, sasa ni nne, na katika mtihani wenye maswali mengine ya kujibu, dakika hizo tatu zina thamani.

Mama wa Mikindani ameanza safu zilezile za nomino kuu na nomino jirani katika daftari lake, akitumia insha zake za zamani zilizokuwa chini ya kabati. Dada fundi anaendelea na «amba-», na juma lijalo atapewa kipimo cha karatasi safi kwa sentensi zake za mwezi Juni. Karani ataandika insha mbili zaidi kabla ghala halijafunguliwa, moja juu ya stakabadhi ghalani na nyingine juu ya ajira ya vijana, ambayo nimeichagua makusudi kwa sababu haiwezi kuandikwa bila idadi, kundi na kiwango kukaa karibu na watu.